Fundi alisema madabodi, ripoti ya Mac ikasema draiva

Elfu ishirini na kitu, ndiyo bei niliyotajiwa Malindi ya kubadilisha madabodi, na fundi mwenyewe hakuwa amefungua ripoti hata moja. MacBook yangu ni ile ya zamani ya Intel, yenye macOS 10.13. Ilikuwa ikijizima na kuwaka yenyewe, kisha inaandika "Your computer was restarted because of a problem". Ukishabonyeza Ignore usijute, ripoti ipo tu, itafute kwa Terminal:

```
ls -t /Library/Logs/DiagnosticReports/*.panic
```

Nilizikuta tatu. Nikaanza kwa kupotea. Kuna mstari wa "BSD process name corresponding to current thread", na mbele yake lilikuwa jina la kivinjari changu. Nikakifuta, nikajiona bingwa wa Langoni nzima. Kabla ya alasiri mashine ikaanguka tena, na safari hii jina ni kernel_task, yaani kiini cha macOS yenyewe. Mstari ule hutaja tu programu iliyokuwa zamuni kwenye prosesa wakati wa ajali. Kumshika huyo ni kama kumlaumu abiria aliyekaa omoni jahazi lilipopanda mwamba.

Wa kumtazama yuko chini ya "Kernel Extensions in backtrace:". Hapo huorodheshwa draiva zilizokuwamo katika njia ya ajali. Ripoti zangu zote zilitaja ileile, na jina lake halikuanza na com.apple: draiva ya kidude cha waifai cha kuchomeka USB. Chini yake kulikuwa na mistari ya "dependency:" yenye majina ya Apple. Hiyo iruke, ni vitu ambavyo draiva inavitegemea tu.

Ushahidi wa pili niliupenda zaidi. Chini zaidi ya hapo kuna "System uptime in nanoseconds". Yangu iliandika 437216093215. Kata tarakimu tisa za mwisho, zinabaki sekunde 437, yaani dakika saba na ushei tangu kuwaka. Nyingine zilikuwa tano na tisa. Na ni muda huohuo ndio nilioshazoea kuchomeka kile kidude.

Nikaihamisha draiva kutoka /Library/Extensions kwenda Desktop, nikajenga upya akiba ya draiva, nikawasha upya:

```
sudo kextcache -i /
```

Kwa matoleo ya 11 na kuendelea utaratibu ni mwingine, na Mac za chipu ya Apple ripoti yake ina sura nyingine. Huko tafuta "Panicked task", kwa tahadhari ileile.

Lakini kama ripoti zako kila moja inasema lake na hakuna draiva ya nje hata moja, au umekuta maneno "Machine Check", hapo ndipo vyuma hushukiwa. Kwa Mac ya Intel, zima, kisha washa huku umeshika D ili kompyuta ijipime.

Kidude kipo kwenye droo. Sasa natumia intaneti ya simu, na ripoti ya nne haijaandikwa.