Hisa au hatifungani: nilivyogawa milioni tano za parchichi

Fedha za parchichi za Rungwe huja kwa mkupuo, na matumizi ya nyumbani Mbeya yana tarehe zake: ada Januari na Julai, mbolea kabla ya mvua za Novemba. Ndiyo maana nilipotenga shilingi 5,000,000 za kuwekeza kwa mara ya kwanza, sikuanza kwa kuuliza kipi kinalipa zaidi kati ya hisa na hatifungani. Nilianza na kalenda. Fedha ya mbolea niliiacha benki, haikuingia kwenye hesabu hii kabisa.

Hatifungani ni mkopo. Unaikopesha serikali au kampuni, na karatasi inasema tangu mwanzo riba ni kiasi gani, italipwa tarehe zipi na mtaji utarudi lini. Hisa haina tarehe hata moja. Umenunua kipande cha kampuni. Ikipata faida na wanahisa wakaidhinisha, unapata gawio, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Isipopata, hudai kitu. Na hakuna siku ambayo kampuni itakurudishia mtaji wako. Ukitaka fedha yako, lazima apatikane mtu mwingine wa kuinunua hisa hiyo sokoni.

Tofauti hiyo huonekana vizuri mambo yakiharibika. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano, mojawapo ikiwa benki ya wananchi ya Njombe. Wenye amana walikuwa na kinga ya bima ya amana, wakati ule hadi shilingi 1,500,000 kwa mtu. Taasisi ikifilisika, wenye amana na wakopeshaji ndio wanaotangulia kulipwa. Mwenye hisa hukaa mwisho wa foleni, na mara nyingi foleni haimfikii. Kwa hiyo mtu akikuambia hisa na hatifungani za kampuni ileile ni kitu kimoja kwa sababu jina ni moja, muulize nani analipwa kwanza.

Nilianza na upande wa hatifungani kwa sababu ada haisubiri. Za serikali huuzwa kwa mnada Benki Kuu, siku za Jumatano, kwa muda wa kuanzia miaka 2 hadi 25. Kiwango cha chini ni shilingi milioni 1, na juu ya hapo unaongeza kwa laki moja moja. Si lazima kusafiri Dar es Salaam. Benki nyingi za biashara zenye tawi Mbeya au Iringa hupokea maombi, na madalali wa soko la hisa wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana hupokea pia kwa simu na barua pepe. Unafunguliwa akaunti ya kuhifadhi dhamana kwa kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki. Akaunti hiyo si ile ya kununulia hisa. Hizo ni daftari mbili tofauti, na aliyefungua moja akidhani amemaliza atajikuta anaanza upya siku anayotaka kununua cha pili.

Kitu cha kwanza nilichoangalia kwenye tangazo la mnada ni miezi ya riba, kabla hata ya kiwango chenyewe. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita kuanzia tarehe ya kutolewa. Hatifungani iliyotolewa mwishoni mwa Januari italipa mwishoni mwa Januari na mwishoni mwa Julai, yaani wiki kadhaa baada ya shule kufunguliwa. Niliyoitaka ni ya Juni na Desemba. Hapa kuna mtego mdogo: mara nyingi Benki Kuu huuza tena hatifungani iliyokwisha kutolewa zamani, na hiyo hubaki na tarehe zake za mwanzo. Siku ya mnada si mwongozo. Soma tarehe za malipo zilizoandikwa.

Kisha bei. Hatifungani hutajwa bei yake kwa kila shilingi 100, na hiki ndicho kinachowachanganya wengi. Tarakimu nimezizungusha ili hesabu ifuatike. Niliomba ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 12, kiasi cha 3,000,000. Sikutaja bei yangu. Nilitumia zabuni isiyo ya ushindani, ambayo mwombaji mdogo hupewa bei ya wastani ya mnada, hivyo hakosi kwa kukisia vibaya. Bei ilitoka 96.50. Nililipa 2,895,000 badala ya milioni tatu, lakini riba huhesabiwa kwa milioni tatu kamili: 360,000 kwa mwaka, yaani 180,000 kila nusu mwaka. Mwaka wa kumi zinarudi 3,000,000. Kwa fedha iliyotoka mfukoni, riba ya mwaka ni kama asilimia 12.4, mbali na ile 105,000 ya nyongeza mwishoni.

Geuza sasa. Bei ingetoka 108, ningelipa 3,240,000 kwa riba ileile ya 360,000, na mwisho ningerudishiwa 3,000,000. Zile 240,000 hazirudi. Watu huvutwa na hatifungani ya zamani yenye riba kubwa wakasahau kwamba bei imekwisha kuimeza sehemu ya riba hiyo. Na ukinunua kwa mtu sokoni katikati ya miezi sita, unamlipa pia riba ya siku alizoishikilia. Kwa mfano wangu, siku 90 zingekuwa 88,767 juu ya bei. Hiyo si tozo ya ujanja, kwa sababu tarehe ya malipo ikifika riba yote ya miezi sita unaipokea wewe. Ila lazima uwe nayo mkononi. Malipo ya mnada nayo hufanyika siku inayofuata, kwa hiyo fedha iwe imekwisha kuingia benki kabla hujaomba. Mnunuzi wa parchichi akichelewa kukulipa, mnada haumsubiri.

Sasa neno ambalo hutamkwa kirahisi mno: hatifungani haina hasara. Ukikaa nayo hadi mwisho, na serikali ikalipa, unapata ulichoahidiwa. Ukilazimika kuiuza katikati ni habari nyingine. Tuseme miaka miwili imepita na hatifungani mpya zinatoa asilimia 15. Nani atanunua yangu ya asilimia 12 kwa bei kamili? Ikiwa imebakiza miaka minane, bei inayoilinganisha na mpya ni karibu 86.30, yaani kama 2,589,000 kwa zile milioni tatu. Ingekuwa ya miaka 20 na imebakiza 18, bei ingeshuka hadi karibu 81.50. Iliyobakiza miaka miwili tu ingesimama karibu 95. Kadiri muda ulivyo mrefu, ndivyo riba mpya inavyoitikisa zaidi bei ya zamani, na hii ndiyo sababu sikukimbilia ya miaka 25 ingawa riba yake kwa kawaida ni kubwa kidogo. Hata hivyo, muuzaji wa miaka miwili asihesabu bei peke yake. Amekwisha kupokea riba mara nne, 720,000. Ukijumlisha na 2,589,000 amepata 3,309,000 kwa 2,895,000 aliyotoa, kabla ya ada ya dalali. Amepata chini ya alivyotarajia, lakini hajala mtaji.

Mambo haya si ya darasani tu. Mwaka 2022 serikali ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 20 hadi asilimia 12.10, kutoka 15.49. Waliokuwa na zile za zamani wakaona bei zake zikipanda juu ya 100. Baadaye viwango vilipanda tena, na safari hii walioumia kwa bei ni walionunua wakati wa chini.

Zilizobaki, karibu milioni mbili, zikaenda kwenye hisa. Hizi ni fedha ambazo sina tarehe nazo. Nilichagua benki kubwa iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kigezo changu cha kwanza kilikuwa idadi ya hisa zake zinazouzwa kila siku kwenye taarifa za soko. Zipo kampuni zinazopita wiki nzima bila hisa hata moja kubadili mkono. Bei yake huonekana imetulia, kumbe hakuna mnunuzi, na oda yako ya kuuza italala hapo.

Kwa bei ya 800, hisa 2,400 ni 1,920,000. Kamisheni ya dalali na tozo za soko huzunguka asilimia 2, hivyo ongeza kama 40,000. Utalipa nyingine ukiuza. Kununua na kuuza ndani ya miezi michache kwa mtaji mdogo ni kuwalisha madalali. Gawio likiwa shilingi 50 kwa hisa unapata 120,000, inakatwa kodi ya zuio asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa, unabaki na 114,000. Hiyo ni chini sana ya asilimia 12, na ndipo wengi husema hisa hazilipi. Linganisha kwa haki: hatifungani haitaongeza riba hata serikali ivune mapato kiasi gani, ilhali gawio na bei ya hisa vinaweza kukua, au kufa.

CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, 2019, zilikuwa zikiuzwa chini ya hapo. Kufikia 2024 zilikuwa zimevuka 500. Aliyekuwa na ada ya kulipa 2019 aliuza kwa hasara ya bei. Aliyekuwa hana haraka alisubiri. Na kusubiri si dawa ya kila hisa: Vodacom iliuzwa kwa 850 mwaka 2017, na kwa muda mrefu baadaye bei ilikaa chini ya hapo.

Kabla ya kununua hisa kwa ajili ya gawio, tazama tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Jina lako lazima liwe limekwisha kuingia siku hiyo, na biashara haikamiliki siku uliyonunua, kwa hiyo oda ya dakika za mwisho hukosa. Bei nayo hushuka kawaida baada ya tarehe hiyo, karibu na kiasi cha gawio lenyewe, hivyo kukimbilia gawio na kuuza kesho yake hakuleti faida. Hakikisha pia akaunti ya benki au namba ya simu kwenye kumbukumbu za hisa ni ile unayotumia sasa. Gawio nyingi hukaa bila mwenyewe kwa sababu tu laini ilibadilishwa.

Hesabu yangu ikafungwa hivi: 2,895,000 kwenye hatifungani, 1,960,000 kwenye hisa na tozo zake, 145,000 ikabaki benki. Riba ya Desemba, 180,000, inakwenda ada ya Januari. Gawio nalirudisha kwenye hisa zilezile, lakini si kila mwaka: kwa 114,000 unapata hisa 139 hivi kwa bei ya 800, na kama dalali ana ada ya chini kwa kila oda, naacha magawio ya miaka miwili yakutane kwanza.