Ninavyoaga ukweni Igombe usiku

Ukweni kwangu ni Igombe, mwaloni, upande wa Ilemela, Mwanza. Tukienda Jumapili na mke wangu hatuondoki kabla ya saa tatu usiku, na nyumba yenyewe ina watu wa kila namna: baba na mama mkwe, bibi aliyelala ndani anaumwa miguu, watoto wa shemeji, shemeji mwenyewe anayevua dagaa, na mlinzi wa nyumba ya jirani ambaye huja kuota moto uani. Kuwapungia wote mkono mara moja na kusema "lala salama" hakufai, na nimezoea kuwaaga mmoja mmoja kwa kuangalia kila mtu anakwenda kufanya nini usiku huo.

Shemeji ndiye wa kwanza, kwa sababu anaondoka kabla yetu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola; dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Kwa hiyo giza likiingia yuko mtumbwini, na usingizi wake ni kesho mchana. Huyo namwambia, "Kazi njema shemeji, mrudi salama." Nasema "mrudi" kwa wingi maana hayuko peke yake ziwani. Mwezi ukiwa mpevu mambo hubadilika: mwanga wa mbalamwezi unashinda wa taa, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika. Siku hizo tunamkuta nyumbani, naye anaagwa kama watu wengine, pamoja na utani kidogo kwamba leo atalala kitandani kama karani.

Kwa wazee siendi moja kwa moja kwenye maneno ya usiku. Kwanza naomba ruhusa nikiwa bado nimekaa: "Baba, tunaomba kuaga, usiku umeingia." Jibu nalijua: "Mbona mapema hivyo? Kaeni kidogo." Basi tunakaa. Ukiinuka hapo hapo utaonekana umechoka na nyumba yao, hata kama daladala za kurudi mjini zinapungua. Yanapita mazungumzo ya robo saa, bei ya mahindi, nani kafunga ndoa, halafu narudia ombi. Mara ya pili baba anasema, "Haya, wasalimieni wa huko." Mama huomba tusali kwa ufupi, na baada ya amina ndipo tunasimama.

Hapo ndipo ninaposema, "Haya wazee wetu, mlale salama." Kwa wakwe "laleni" nimeliacha, linasikika kama amri, hilo ni la watoto: "Haya, laleni sasa, ndoto njema." Baba hujibu, "Nanyi pia, mfike salama." Hajatutakia usingizi kwanza, maana sisi mbele yetu kuna barabara. Shikamoo niliitoa nilipofika, sirudii.

Bibi namfuata chumbani, lakini mke wangu anatangulia kuangalia kama yuko macho. Akiwa amesinzia hatumwamshi kwa ajili ya kumuaga. Mama atampa salamu zetu asubuhi. Akiwa macho namshika mkono: "Bibi, ulale salama, Mungu akuamshe mzima." Anajibu "Amina" na kuongeza dua zake, ndefu kuliko sala ya sebuleni. Dua ya mgonjwa haikatizwi, hata bodaboda akipiga honi nje.

Mlinzi namwachia "usiku mwema, kazi njema". Usiku mwema hautaji kulala, ndiyo maana unamfaa anayekesha, na unafaa pia kundi ambalo nusu watalala na nusu hawatalala. Yeye ametokea Tanga, na akiwa na furaha hunitangulia: "Alamsiki!" Najibu, "Binuru." Watoto wa Igombe wanacheka kila mara, kwao hilo ni neno la pwani.

Ilipotokea msiba kwa jirani tulienda kuhani na tukaondoka usiku vilevile, ila "usiku mwema" nililiweka kando. Waliofiwa walikuwa wakikesha uani kwenye turubai. Tuliwaambia, "Poleni sana, Mungu awatie nguvu, kesho tutakuwa pamoja," tukaondoka taratibu bila kupita kwa kila mtu.

Siku za kawaida tunasindikizwa hadi kituo cha bodaboda, na mama hasahau: "Mkifika mtuambie." Tukifika sipigi simu. Simu inayolia saa nne na nusu nyumbani kwa wazee huwashtua, wanadhani kuna ajali. Mke wangu humtumia wifi yake ujumbe: "Tumefika salama. Mlale salama nyote." Wifi ndiye anayechelewa kulala kwa kuandaa vichanja vya kuanikia dagaa, basi yeye huwafikishia habari walio macho na kutujibu, "Nanyi pia."