Bafa ya fosfati ya pH 7.0 kwenye joto la Dodoma

Mwanafunzi niliyekuwa namsaidia maabara alikuwa anapima kimeng'enya cha peroksidasi kwenye miche ya mtama iliyonyimwa maji. Majani yanasagwa juu ya barafu, halafu mmenyuko wenyewe unasomwa kwenye 30°C, maana Oktoba hapa Dodoma chumba chetu hucheza hapo hapo na kukishusha hadi 25 ni kazi. Alihitaji lita moja ya bafa ya 50 mM yenye pH 7.0.

Kabatini trisi ilikuwa tele, lakini niliikataa. pKa yake ni karibu 8.07 kwenye 25°C, na hushuka kama 0.028 kwa kila nyuzi joto moja. Kwenye 30°C inakuwa 7.93, kwa hiyo pH 7.0 inaangukia pembezoni kabisa mwa eneo lake la kazi, mahali ambapo tone la asidi linaisukuma kirahisi. Isitoshe, kutoka kwenye barafu hadi 30°C pH yake ingeporomoka kwa zaidi ya 0.7. Fosfati hushuka kwa 0.0028 tu kwa nyuzi, yaani chini ya 0.1 kwa safari hiyo hiyo, na pKa yake ya pili ni 7.20. Kama kimeng'enya kingehitaji kalsiamu ningetafuta kitu kingine, kwa sababu fosfati huishika kalsiamu ikawa mashapo meupe.

Yule binti alipiga hesabu kama inavyofundishwa darasani: pKa 7.19 kwenye 30°C, akapata takriban 19.6 mM za Na2HPO4 na 30.4 mM za NaH2PO4. Akachanganya, kipima pH kikasoma 6.69.

"Kaka, nimerudia hesabu, iko sawa. Elektrodi imeharibika?"

Elektrodi ilikuwa nzima. Ile 7.20 ni ya mmumunyo uliozimuliwa mno, ambamo ioni hazisumbuani. Ndani ya bafa halisi, ioni za sodiamu huizunguka HPO4 yenye chaji mbili na kuituliza kuliko H2PO4 yenye chaji moja, kwa hiyo asidi huachia protoni yake kwa urahisi zaidi na pKa inashuka. Kiasi cha kushuka nilikikadiria kwa mlinganyo wa Davies:

```
pKa' = pKa - 3 × 0.51 × ( √I/(1+√I) - 0.3 I )
```

Hiyo 3 inatokana na chaji: mraba wa 2 ukitoa mraba wa 1. I ni nguvu ya ioni, na hapo ndipo pana kizungumkuti, kwani huijui I kabla ya kujua uwiano wa chumvi, na uwiano nao unategemea I. Nilimwambia tuanze kwa kubahatisha, tukaweka 0.11. Mabano yakatoa 0.216, pKa ikashuka kwa 0.33 na kuwa 6.86. Tofauti na pH 7.0 ni 0.14, kwa hiyo besi ni mara 1.38 ya asidi: 29 mM za Na2HPO4 na 21 mM za NaH2PO4. Kisha tukahakiki makisio. NaH2PO4 huchangia I sawa na mkolezo wake, Na2HPO4 huchangia mara tatu: 21 + 87 = 108 mM, yaani 0.108. Makisio yameshika. Yasingeshika, tungeirudisha I mpya kwenye mlinganyo na kuzunguka tena.

Kabla ya kupima mizani tulisoma lebo za chupa kwa makini, kwa sababu chumvi hizi huuzwa zikiwa na maji ndani ya fuwele au bila maji, na uzito hubadilika. Za kwetu zilikuwa Na2HPO4 kavu, gramu 4.12, na NaH2PO4·2H2O, gramu 3.28, kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa.

Kipima pH tulikisawazisha kwa bafa sanifu zilizokaa pamoja na ya kwetu kwenye beseni la maji la 30°C, tukitumia thamani iliyoandikwa kwenye chupa kwa joto hilo. Kile kitufe cha fidia ya joto hurekebisha mwitikio wa elektrodi tu, hakijui pH ya bafa yako ingekuwa ngapi kwenye joto jingine. Safari hii ikasoma 7.02, tukaiacha.

Baadaye aliuliza kama aongeze 150 mM za NaCl kwenye bafa hiyo. I ingepanda hadi karibu 0.26, na pH ingeshuka hadi kama 6.93 bila asidi yoyote kuongezwa. Kwa hiyo chumvi iingie kwanza, pH isomwe mwisho. Bafa iliyokolezwa mara kumi nayo ina tabia hiyo hiyo: ikizimuliwa, pH hupanda. Mlinganyo wa Davies hauaminiki nguvu ya ioni ikizidi takriban 0.5, kwa hiyo ile iliyokolezwa chota kiasi kidogo ukizimue kwanza, usome, ndipo urekebishe chupa kubwa.