Walisema ni hangova, mimi nikahesabu pumzi: jinsi tulivyomwahi baba mdogo

Nianze na hasira yangu kwanza maana bado ninayo. Ile Jumapili jioni watu kama sita walinipa ushauri kuhusu baba mdogo, aliyekuwa amekunywa chang'aa yenye methanoli, ile pombe ya kiwandani yenye sumu; wote wakubwa kwangu, wote wana uhakika, na wote walikosea. Ningewafuata, tungekuwa tumeshamaliza matanga zamani.

Ilianza Jumamosi. Baba mdogo ni fundi wa mawe, walikuwa wamemaliza msingi wa nyumba fulani wakalipwa, basi yeye na wenzake watatu wakapitia chang'aa pale pa siku zote. Waliuziwa kwenye chupa za maji za plastiki, kila mtu na yake, wakaanza kunywa saa moja jioni hivi. Mmoja wao, kijana wa kuchanganya simiti, hakutosheka, akatoka hapo akaenda baa akaongeza bia kadhaa mpaka usiku sana. Huyo kijana mumkumbuke, nitamrudia.

Jumapili asubuhi baba mdogo aliamka mzima kabisa. Akaoga, akanywa chai, akaenda kanisani, akasalimia watu. Hiki ndicho kilichowadanganya wote, maana kila mtu alikuwa anasema pombe mbaya ingemwangusha usiku uleule. Mpaka saa tisa mchana ndio kichwa kikaanza, tumbo likawa linamkata, akatapika mara tatu. Mama mdogo akanipigia simu, "Baba yako hajisikii, kuja umwone."

Kufika nakuta nyumba imejaa. Huyu anasema apewe maziwa yakate sumu. Yule anasema ni malaria. Jirani mmoja ameshakuja na kichupa mfukoni, anataka baba mdogo atoe loki, na ukiangalia vizuri kile kichupa kimetoka kwa muuzaji yuleyule! Halafu kuna mzee anayeheshimika sana pale kwetu, yeye akasema tusibishane, pombe inapimwa kwa moto. Akaitisha kijiko, akamimina kile kilichobaki kwenye chupa ya baba mdogo, akazima taa, akawasha kiberiti. Moto ukashika bluu safi, umetulia, hata moshi hauna. Mzee akasema, "Mnaona? Bluu. Hii ni safi, muacheni alale." Na nyumba nzima ikashusha pumzi, hata mama mdogo akaanza kupika. Nakubali hata mimi kwa dakika kumi nilipoa moyo. Baadaye daktari aliniambia methanoli nayo inawaka bluu, pengine imefifia hata kuliko pombe ya kawaida, na zikichanganywa hakuna jicho litakalozitenganisha. Harufu ni karibu ileile, ladha ileile, inalewesha kama nyingine. Kile kijiko kilitupotezea muda na kikatupa imani ya uongo, na najua kuna nyumba nyingi bado wanapima hivyo.

Kilichoniamsha ni neno moja la baba mdogo. Taa iliporudi aliangalia huku na huku akauliza, "Kijana wangu, nani amewasha moshi humu ndani?" Hakukuwa na moshi. Alikuwa anaona weupe, kama ule ukungu wa asubuhi huku kwetu milimani, watu anawaona kama vivuli.

Mimi Mei 2014 nilikuwa nafanya kazi upande wa Embu. Wale wa huku mnakumbuka, pombe yenye methanoli iliua watu wengi ndani ya siku chache, Embu, Kiambu, Kitui, Makueni. Nilimwona mwanaume mzima anashikwa mkono kuvushwa barabara na mtoto wake, na hadithi yake ilianza hivihivi, aliamka akidhani kumejaa ukungu. Kwa hivyo baba mdogo alipotaja moshi sikungoja mtu mwingine aongee.

Tulianza na kliniki ya karibu, na hapo napo tukapoteza saa mbili. Mhudumu alimnusa, hakunuka pombe, akasema basi hajalewa, labda malaria na hangova pamoja, akamtundikia dripu ya glukosi na sindano ya maumivu. Nikamwambia alikunywa jana jioni, akanijibu pombe ya jana imeshaisha mwilini. Sasa hilo ndilo tatizo lenyewe, kwamba ile iliyoisha ndiyo imekuwa sumu, lakini wakati huo sikujua kulieleza.

Nilichojua ni kwamba anapumua vibaya. Si kukosa hewa kama wa pumu, ni kupumua haraka na kwa nguvu, kifua chote kinapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kupanda mlima na gunia, na yeye amelala tu kitandani. Nikatoa simu nikaweka saa, nikahesabu dakika nzima. Thelathini na nne. Nikahesabu tena, thelathini na sita. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hana homa, hakohoi, sasa anakimbizwa na nini? Nilipomwonyesha mhudumu hiyo namba ndio naye akashtuka akaandika barua ya rufaa.

Kabla hatujaondoka nilifanya kitu ambacho najivunia mpaka leo. Nilichukua karatasi nikaandika: amekunywa Jumamosi saa moja jioni, maumivu Jumapili saa tisa, macho saa kumi na mbili na nusu, pumzi 36, wamekunywa watu wanne. Ile chupa na tone lililobaki nikaifunga kwenye mfuko. Halafu wakati proboksi inajazwa mafuta nikampigia kila mmoja wa wale wenzake watatu. Wa kwanza kichwa kinamuuma tu, nikamwambia nakupitia uvae viatu, akabisha, nikampitia akapanda. Wa pili simu ilishikwa na mkewe, akasema amelala fofofo, anakoroma, asisumbuliwe. Nikamwambia mama, mwamshe, mlete hospitali sasa hivi, hata kwa boda. Akasema atamwangalia asubuhi. Wa tatu ni yule kijana wa bia, yeye alicheka, yuko sawa kabisa, alikuwa anaangalia mpira.

Hospitali kubwa tulifika kabla ya saa sita usiku. Nilisema methanoli kabla hata ya salamu, nikaweka karatasi na chupa mezani. Daktari wa zamu alisoma akatoka mbio. Hawakuwa na kipimo cha methanoli chenyewe, walipima asidi ya damu tu, na ilikuwa imepanda sana, pH 6.98 wakati ya kawaida ni kama 7.4, na namba hiyo ikishuka ndio asidi inapanda. Akasema kwa hiyo namba, hayo macho na ule muda, hatungoji kipimo kingine, tunaanza.

Kulipotulia alinieleza, na nataka muelewe kama mimi nilivyoelewa. Methanoli ikiingia haina ubaya mkubwa sana, inalewesha tu. Ini ndilo linaichukua polepole na kuigeuza, kwanza inakuwa kitu kama ile formalini ya mochari, halafu inakuwa asidi ya fomiki, ileile ya kwenye aina fulani za sisimizi. Hiyo asidi inazuia seli zisitumie hewa, na mshipa wa jicho ndio unaumia mapema. Kazi hiyo ya ini inachukua saa nyingi, mara nyingi 12 mpaka 24, ndio maana mtu anaamka mzima, anaenda kanisani, halafu mchana anaanguka. Na ile pumzi ya haraka ni mwili unajaribu kutoa asidi kwa mapafu.

Dawa ilinishangaza. Walimwekea baikaboneti kwenye mshipa ya kupunguza asidi, wakampa foliki ya kusaidia mwili kuivunja, halafu wakapitisha mpira puani mpaka tumboni wakaanza kumpa pombe. Pombe kweli, etanoli, imezimuliwa na maji, imepimwa kwa uzito wake, na kila saa anaongezewa. Sababu ni kwamba ini likikuta zote mbili linashughulikia etanoli kwanza, methanoli inaachwa inazunguka bila kugeuzwa, na asubuhi walimpeleka kwenye mashine ya dayalisisi ikaitoa kwenye damu pamoja na asidi yake. Akiwa kwenye mashine walimwongezea etanoli tena maana mashine inaiosha hiyo nayo. Kuna dawa nyingine inaitwa fomepizoli, haimleweshi mgonjwa, lakini ni ghali na hawakuwa nayo.

Yule jirani wa kutoa loki aliposikia hivyo alisema si aliwaambia! Hapana. Chupa yake ilikuwa ya muuzaji yuleyule, ingeongeza sumu juu ya sumu. Na hata ingekuwa safi, mgonjwa anayetapika na kusinzia ukimnywesha nyumbani inaingia mapafuni, na asidi iliyokwishatengenezwa haiondoki kwa pombe, inataka baikaboneti na mashine.

Hapo ndio nikamfikiria yule kijana. Zile bia zake zilikuwa zimelichelewesha ini! Hakuwa mzima, alikuwa amechelewa tu. Nikampigia mama yake saa kumi alfajiri, nikaongea kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha mtu wa umri wake, na naomba radhi kwa hilo. Walikuja kwa boda asubuhi. Damu yake ilikuwa imeanza asidi na yeye hajisikii chochote. Akatibiwa mapema, macho yake yako sawasawa. Yule wa kichwa niliyempakia kwa nguvu naye alitoka mzima.

Yule aliyekuwa anakoroma hakuletwa. Alifariki Jumatatu kabla jua halijatoka.

Kuna kitu kingine watu wanachanganya, wanadhani sumu hii inatokana na mpishi kutojua kupika. Chang'aa ya sukari na nafaka ikipikwa kawaida ina methanoli kidogo tu. Vifo vya wengi kwa pamoja karibu kila mara ni mtu amenunua methanoli ya kiwandani akaongezea ili iwe kali, au ameuziwa akiambiwa ni spiriti. Na kiasi ni kidogo mno, vijiko viwili vya chai vya methanoli tupu vinaweza kumpofusha mtu. Kwa hivyo kusema namjua mpishi wangu haisaidii, maana hujui alinunua nini wiki hii.

Gharama zote, proboksi, mashine, kulala, zilifika kama elfu themanini na kitu, tulichanga.

Baba mdogo alikaa siku tisa. Figo nzima, akili nzima. Macho yalirudi nusu, pembeni anaona lakini katikati kuna doa la kijivu, kwa hivyo ukimsalimia anageuza uso kando kidogo ndio akuone. Timazi haisomi tena. Anakaa kwenye mjengo na yule kijana wa simiti, anagusa mawe kwa mkono na kumwambia wapi pamepinda.