Mshindo mmoja, wasikiaji watatu

Mtoto wa dada yangu kaniuliza swali zuri. Kasikia kwenye video ndege iendayo kasi kuliko sauti, mshindo ukaja mara mbili kwa kufuatana. "Mjomba, zilikuwa ndege mbili?" Nikakumbuka Msimbati, pwani ya Mtwara, enzi zile wavuvi walipokuwa wakipiga baruti mchana kweupe ili kuua samaki.

Bahari ilikuwa shwari. Mimi na kijana tuliyefuatana naye tulikuwa tunaelea juu ya matumbawe, nyuso majini, miwani usoni. Nahodha alikuwa chomboni anakunja kamba. Ghafla ukanipiga mlio mkali, mfupi, usio na upande. Majini sauti hupenya hadi kwenye mifupa ya fuvu, na huyafikia masikio yote mawili karibu kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujua imetoka wapi. Nikainua kichwa, nikatazama saa. Nahodha alikuwa bado na kamba yake, hana habari. Kusini, mbali, nguzo nyeupe ya maji ilikuwa inaporomoka. Zilipotimia kama sekunde nne tangu ule mlio, ndipo mshindo mzito ukafika kwa njia ya hewa, nahodha akashtuka: "Mwalimu, umesikia? Wamepiga hao!"

Kijana, ambaye hakuinua kichwa hata kidogo, alisikia mmoja. Nahodha alisikia mmoja. Mimi nilisikia miwili, na nguzo ya maji ilikuwa moja tu. Kama wangepiga baruti mbili, kijana pia angesikia mara mbili kule chini. Ule wa hewani haukumfikia kwa sababu sauti ya hewani ikigonga uso wa bahari, karibu nguvu yake yote hurudi juu.

Maji ya bahari yenye joto kama yetu hupitisha sauti kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Hewa ya nyuzi 30 hupitisha takriban 349. Ukifanya hesabu, kila sekunde inayotenganisha mishindo hiyo miwili ni umbali wa mita 450 hivi. Sekunde nne ni kilomita 1.8. Baruti ilikuwa imelipuka umbali huo kutoka kwetu.

Wengi hueleza kwamba maji huwahisha sauti kwa kuwa ni mazito. Kinyume chake ndicho kweli: uzito huichelewesha. Zebaki ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 13, na bado sauti huenda polepole kidogo ndani yake kuliko majini. Kinachoharakisha sauti ni ukaidi wa kitu kugandamizwa. Sauti ni mgandamizo unaopokezwa, chembe ikimsukuma jirani yake, na kitu kisichokubali kubonyea hupokeza msukumo papo hapo. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa karibu mara 880, lakini ukaidi wake unazidi wa hewa karibu mara 17,000. Gawanya, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata mara 4.4 hivi, na ndivyo kasi zinavyopishana.

Ukaidi huohuo ndio unaoua samaki. Mwili wake, ambao sehemu kubwa ni maji, hubonyea kidogo sana. Kibofu chake cha hewa hubonyea sana na kutanuka ghafla, kikapasuka.

Sasa ndege. Ikizidi kasi ya sauti, mawimbi yake hayawezi tena kuitangulia. Hulundikana na kuwa ukuta mwembamba wa mgandamizo unaofuata nyuma yake kwa umbo la pia, kama mawimbi yanayochanuka nyuma ya boti. Ukuta huo haufanyiki mara moja tu wakati ndege inavuka kasi ya sauti, kama watu wanavyodhani. Huburutwa safari nzima, na kila anayepitiwa nao husikia mshindo kwa zamu yake. Tuchukulie hewa iko sawa kotekote: ndege iliyo mita 10,000 juu, ikienda mara mbili ya kasi ya sauti, itakuwa imekupita kwa kilomita 17 hivi kabla hujasikia chochote.

Mishindo miwili aliyoisikia mtoto ni ya ndege moja: ukuta mmoja huanzia puani, mwingine mkiani. Kati yao msukumo wa hewa hushuka, kisha hurudi ghafla. Hapo ndipo tofauti na mishindo yangu ya Msimbati ilipo. Ile miwili ilikuwa sauti moja iliyopita njia mbili, na ningekuwa mbali mara mbili, ningesubiri sekunde nane. Ya ndege hutengana kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na kinachoamua zaidi ni urefu wa ndege yenyewe.

Akaniuliza kama boti inaweza kufanya hivyo chini ya maji. Ingehitaji kwenda zaidi ya kilomita 5,500 kwa saa.