Siku moja na kyuri 41: kazi yangu ya kupiga picha mabomba, Mombasa

Jirani zangu Likoni wanajua nafanya kazi ya picha. Mara mbili nimeshaombwa kupiga harusi. Kamera yangu lakini haina lenzi wala haitoi mwanga unaoonekana. Ina uzito wa mtoto wa miaka sita, na ndani yake mna vipande vya iridiamu-192, metali inayotoa mionzi, vinavyotosha kwenye ncha ya kidole. Hivyo ndivyo tunavyoviita chanzo. Ninapiga picha za mishono ya mabomba ya chuma, kuona kama welda kaacha tundu au ufa ndani ambao jicho halifiki.

Saa 11:15 alfajiri. Feri. Umati, upepo, kahawa ya kikombe kidogo. Hakuna la kusimulia.

Saa 1:00 asubuhi. Stoo yetu iko upande wa Changamwe, milango miwili na kufuli mbili. Kabla ya kuigusa kamera napitisha kipima mionzi juu yake, palepale nilipochora alama ya X kwa wino, kisha naandika kitabuni. Leo tarehe 6 Juni kimesoma mikrosiverti 320 kwa saa. Ukurasa wa nyuma, tarehe 12 Aprili, mahali hapohapo, chanzo kikiwa ndani vilevile, niliandika 520. Ishikilie namba hiyo, tutairudia.

Saa 2:00 hadi saa 9:00. Kusoma filamu za juzi kwenye taa, kuandika ripoti, kujibu simu za watu wanaotaka ripoti kabla filamu haijakauka. Mahamri kwa mbaazi katikati.

Saa 10:00 jioni. Tunapakia gari. Kijana ninayemfundisha kazi ndiye anayepiga hesabu leo, ni zamu yake. Hesabu yenyewe ni hii. Chanzo kina hati ya kiwandani inayosema kwamba tarehe 3 Machi kilikuwa na kyuri 100, yaani terabekereli 3.7; kyuri ni kipimo cha nguvu ya chanzo. Iridiamu-192 ina nusu-uhai wa siku 73.8: kila zikipita siku hizo, nusu ya iliyopo inakuwa imeshageuka kitu kingine, sehemu kubwa platinamu. Ukitaka kujua imebaki sehemu gani, unahesabu siku tangu tarehe ya hati, unazigawa kwa 73.8, halafu unaipandisha 0.5 kwa kipeo hicho. Simu yoyote yenye kikokotoo cha sayansi inaweza.

Tulikwenda kwa mteja huyuhuyu mara ya kwanza tarehe 12 Aprili, siku ya 40. `0.5^(40/73.8)` inatoa 0.687, kwa hiyo siku ile tulikuwa na kyuri 68.7. Kila picha ilichukua dakika 4.

Saa 12:30 magharibi. Tumefika kwenye eneo la matangi. Kazi yetu huanza watu wakishaondoka, kwa sababu tunahitaji kiwanja kitupu. Tunafunga utepe, tunaweka taa nyekundu, tunazungusha kipima kuhakikisha mpaka uko mbali vya kutosha. Mishono sita, kila mmoja picha tatu, jumla 18. Bomba lilelile la Aprili, unene uleule, filamu ileile, umbali uleule. Kijana akaniambia, "Dada, leo dakika 6 kila picha."

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipokosea, maana sikuitazama karatasi yake. Sikuitazama kwa sababu msimamizi wa mawelda alikuwa ameshasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

Ni mtu mzima, fundi wa miaka mingi, namheshimu. Lakini jenereta ya taa ni ya kukodi kwa saa, na saa anazilipa yeye.

"Mwanangu, mwezi ule mlitumia dakika nne. Leo nasikia sita. Bomba limenenepa?"

"Halijanenepa, ami. Chanzo ndicho kimepungua."

"Basi kimechoka. Leteni kingine."

"Hakijachoka. Kinatoa mionzi michache zaidi kwa dakika, kwa hiyo filamu inahitaji dakika nyingi zaidi ili ipate kiasi kilekile."

Akachukua kijiti, akaanza kuandika mchangani. Nikiri kwamba hesabu yake ilikuwa na mantiki. Kama nusu inaondoka kwa siku 74, basi nusu iliyobaki itaondoka kwa 74 nyingine, na siku ya 148 mtakuwa mmebeba chuma kitupu. Sasa ni siku ya 95, kwa hiyo imebaki kama thuluthi. "Na nyinyi mnanitoza bei ileile," akamalizia.

Nimeisikia hesabu hii mara nyingi, hata kwa watu wa ofisini, kwa hiyo nikachuchumaa naye palepale. Nikamwambia, ami, wewe unafikiria dizeli. Jenereta yako inakunywa lita zilezile kila saa, tangi likiwa limejaa au liko nusu. Iridiamu haiko hivyo. Inayopungua ni sehemu ileile ya kilichopo, karibu asilimia 0.94 kwa siku. Ilipokuwa na kyuri 100 ilipoteza karibu kyuri moja kwa siku. Leo haifiki hata nusu ya kyuri kwa siku, kwa sababu yenyewe imekuwa ndogo. Siku ya 148 haitakuwa sifuri, itakuwa robo. Siku ya 221 hivi, thumuni.

Akanyamaza, akakitazama kijiti. "Kwa hiyo haiishi?"

"Itatushinda kabla haijaisha. Ikifika kyuri kama 20, picha moja itakula karibu robo saa, na hapo utanifukuza kweli. Tutaagiza kingine."

Nikadhani yamekwisha. Kumbe. Akataka tusogeze chanzo karibu na bomba ili dakika zipungue. Ni kweli, ukikaribia nusu ya umbali mionzi inakuwa mara nne. Lakini picha nayo inakuwa na kingo zenye ukungu, kama kivuli cha mkono uliosogezwa karibu na taa, na ufa mwembamba unapotea humo humo. Nikakataa. Akataka basi mawelda wake waendelee na kazi ndani ya utepe, "maana si mmesema kimepungua?" Hapo nikasimama. Kyuri 41 zikiwa nje bila kinga zinatoa karibu milisiverti 200 kwa saa ukiwa mita moja. Mimi ninayevaa beji ya kupimia mionzi, wastani ninaoruhusiwa ni milisiverti 20 kwa mwaka mzima. Mtu akisimama hapo dakika 6 amemaliza mwaka wangu. Nilimwambia kwa sauti ambayo sikuipenda baadaye. Akarudi nyuma ya utepe, akaagiza viazi karai, na akatuagizia na sisi.

Saa 2 na kitu usiku. Tukapiga tatu za kwanza. Kijana anazungusha krenki, waya unasukuma chanzo kutoka kwenye kamera kupitia bomba la mpira hadi kwenye kolimeta ya tangsteni, kofia nzito inayoelekeza mionzi upande wa bomba tu, saa inaanza. Nje, ndani, kipima mkononi kila mara kuhakikisha kimerudi kweli. Huwa tunaosha tatu za kwanza kabla ya kuendelea, ndani ya gari lililogeuzwa chumba cha giza, joto lake usiseme.

Zilipotoka nikajua kabla ya kupima. Zilikuwa nyepesi. Densitometa, kifaa kinachopima weusi wa filamu, ikasoma 1.9. Kiwango tunachofuata kwa picha za gamma ni 2.0 kwenda juu, na Aprili tulipata 2.2 kwa bomba hilihili.

Filamu nyepesi inaweza kuwa na sababu tatu nne. Dawa ya kuoshea imechakaa au imepoa, umbali umebadilika, au dakika hazikutosha. Dawa ilikuwa ya asubuhi na kipimajoto kilikuwa sawa. Umbali niliupima mwenyewe kwa utepe. Ikabaki hesabu, na sasa ndiyo nikaomba ile karatasi.

Alikuwa ameandika siku 83. Sikuelewa mara moja. Nikamwuliza kaanzia wapi, akanionyesha fomu ya kupokelea mzigo: 15 Machi. Tarehe ile chanzo kilifika kwetu. Lakini kyuri 100 zilipimwa kiwandani tarehe 3, na iridiamu haingoji ndege wala forodha. Siku 12 za njiani zilikuwa zimeshakula karibu asilimia 11.

Tukarudia pamoja, tumekaa kwenye ngazi ya gari. Kutoka 3 Machi hadi 6 Juni ni siku 95. `0.5^(95/73.8)` ni 0.41, kwa hiyo kyuri 41, si 45.9 alizopata yeye. Aprili filamu ilihitaji kyuri 68.7 kwa dakika 4, zidisha upate 275. Gawa kwa 41, ni dakika 6.7, yaani dakika 6 na sekunde 42.

"Dada, tutajuaje safari hii ni sawa?" Swali zuri, nikamsamehe nusu. Nikafungua kitabu cha stoo. Kati ya vipimo viwili zimepita siku 55, na hapa huhitaji hati ya mtu: `0.5^(55/73.8)` ni 0.597, kwa hiyo 520 inapaswa kuwa kama 310. Tulisoma 320. Hiyo 10 iliyozidi haikunishtua. Kinga ya kamera ni urani iliyopungua, ambayo nayo inatoa mionzi yake kidogo isiyobadilika, na kipima chenyewe si mizani ya dhahabu. Ingesoma 400 ningefunga kazi. Ila nilimwonya: kipimo hiki kinathibitisha kupungua kati ya siku mbili, hakisemi kama kyuri 100 za mwanzo zilikuwa 100. Kosa lake la tarehe lisingeonekana humo, kwa sababu siku 55 ni 55 popote unapoanzia kuhesabu. Filamu ndiyo iliyomshtaki.

Tatu za kurudia, kisha 15. Sikumbuki mpangilio tena. Krenki, saa, kipima, krenki. Kila picha sekunde 162 zaidi ya Aprili, na kwa picha 18 ni karibu dakika 49, kama alivyolalamika ami, nazo tatu tulizoharibu ni juu yangu, nilimwambia hivyo. Densitometa 2.2 kwa zilizofuata. Mshono wa nne una mstari mwembamba mweusi kwenye mzizi, ambao welda hakuujaza. Msimamizi aliushika juu ya taa muda mrefu, hakusema neno, akaenda kumpigia mtu simu.

Saa saba kasoro kamera ikarudi stoo, kufuli mbili, kipima. Kabla ya kuondoka nilichukua kalamu nene nikaandika juu ya sanduku la hesabu: HESABU KUANZIA 3 MACHI. Chini yake kijana akaongeza, 7 Juni, kyuri 40.6.

Feri ya usiku ilikuwa na malori mawili na mbuzi mmoja. Nikalala nimesimama.