Kioo kilichopasuka katikati

Nawauzia vioo vya simu mafundi walio miji midogo. Basi haliachi barabara kuu, kwa hiyo mzigo hushushwa njia panda na bodaboda humalizia safari. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kikinila faida.

Wiki moja vioo vitatu vilifika vimepasuka. Fundi alilaumu basi, nami nikawa tayari kugombana na kondakta. Kabla ya hapo nilimwomba fundi anipigie picha ya kila kioo pamoja na katoni. Kifurushi kikianguka, ufa mara nyingi huanzia pembeni. Hivi vilikuwa na ufa unaokata katikati, upande hadi upande, na katoni ilikuwa imebonyea papo hapo. Ni mpira wa kufungia mizigo: dereva wa bodaboda aliukaza juu ya katoni laini, halafu kila tuta likazidi kuugandamiza. Kondakta hakuwa na kosa.

Siku hizi naweka vioo katikati ya vipande viwili vya plaiwudi vilivyovizidi kidogo kila upande, na sponji pande zote mbili. Mpira ukikazwa, unagandamiza ubao. Mzigo ukiwa mdogo, namwomba dereva auweke kwenye begi la mgongoni badala ya kuufunga kwenye keria, kwa sababu mgongo wake unapokea mitikisiko mingi kabla haijafika kwenye vioo.

Gharama ilinichukua muda kuielewa. Basi linatoza kifurushi, bodaboda anatoza safari. Abebe kioo kimoja au vitano, mafuta ni yale yale. Nikaanza kukusanya oda za upande mmoja na kutuma mara mbili kwa wiki. Oda tatu zikienda pamoja, kila moja inabeba theluthi ya nauli ya boda. Mafundi wawili walinung'unika kusubiri, mmoja akaniacha kabisa. Pia nimeacha kumwita dereva kwa kufuata ratiba ya basi. Utingo akishanipigia kwamba wamepita kituo kilicho kabla ya njia panda, ndipo namwita, maana saa ya kusubiri nayo hulipiwa.

Jambo hili moja linafuta hesabu yote: mpokeaji asiyepokea simu. Dereva akirudi na mzigo nalipa safari mbili. Kwa hiyo nampigia mpokeaji asubuhi ya kutuma; asipopokea, kifurushi chake hakitoki dukani.

Usalama wenyewe ni mwepesi. Nasaini juu ya seloteipu, saini ikivuka maungio ya katoni, kisha napiga picha. Mpokeaji namtumia namba nne ambazo dereva hazijui. Anakagua saini ikiwa haijakatika, ndipo anamtajia. Dereva ananitumia namba hizo, namlipa hapo hapo. Siku moja dereva alinitumia namba za kubahatisha. Kumbe kifurushi kilikuwa bado kibandani kwa rafiki yake, akingoja mvua ikatike.